Notisi ya Kusitisha Mkataba kwa Ukiukwaji Mkubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Muda wa Kurekebisha

Majibu haya yanahusu mikataba ya kibiashara yenye kifungu kinachoruhusu upande mmoja kusitisha mkataba endapo upande wa pili umefanya ukiukwaji mkubwa na hakuurekebisha ndani ya muda uliopewa. Sheria za nchi hutofautiana, na mikataba ya ajira, ya upangaji wa nyumba za kuishi na ya mikopo ya watu binafsi mara nyingi ina masharti yake ya lazima ambayo kifungu cha mkataba hakiwezi kuyaondoa. Yaliyoelezwa hapa ni namna kifungu cha aina hii kinavyofanya kazi na mahali kinapowakwaza wanaokitumia.

Je, ninaandika notisi moja au mbili?

Katika mikataba mingi ni mbili, na kuzichanganya ndilo kosa linalogharimu zaidi. Barua ya kwanza hueleza ukiukwaji, hudai urekebishwe na kutaja muda. Barua hiyo haisitishi chochote: mkataba unaendelea kuwa hai, na kila upande bado unadaiwa wajibu wake. Barua ya pili huja baada ya muda kwisha bila marekebisho kufanyika, na hiyo ndiyo inayositisha mkataba.

Ipo mikataba michache inayoruhusu barua moja inayosema kwamba mkataba utakoma wenyewe tarehe fulani iwapo kasoro haitakuwa imerekebishwa kufikia hapo. Iwapo kifungu chako hakisemi hivyo waziwazi, usitumie njia hiyo. Barua inayojaribu kufanya kazi zote mbili humwacha mpokeaji katika shaka kama mkataba umekwisha au bado, na anayepata hasara kwa shaka hiyo ni yule aliyeandika.

Katika maelezo yanayofuata, barua ya kwanza tutaiita notisi ya kutaka marekebisho, na ya pili notisi ya kusitisha.

Ni ukiukwaji gani unaohesabiwa kuwa mkubwa?

Anza na mkataba wenyewe, kwa sababu baadhi ya mikataba hufafanua neno hilo au hutaja mambo yatakayochukuliwa kuwa ukiukwaji mkubwa, kama vile kuchelewesha malipo kwa zaidi ya siku kadhaa. Pasipo ufafanuzi, mahakama na wasuluhishi huangalia uzito wa jambo kwa yule aliyekosewa: amenyimwa sehemu gani ya manufaa aliyoyategemea, je, kosa limejirudia, na lilifanywa kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Kosa dogo la utaratibu, hata likiwa limethibitika kabisa, halifiki hapo.

Kuliita sharti kuwa la msingi hakutoshi. Katika kesi ya Schuler dhidi ya Wickman, iliyoamuliwa mwaka 1973 na Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo, mkataba wa wakala wa mauzo ulimtaka wakala atume mwakilishi kila wiki kwa watengenezaji sita wa magari waliotajwa, na ulitumia neno zito kabisa la kisheria kuueleza wajibu huo. Kwa miaka yote ya mkataba, hizo zilikuwa ziara zaidi ya 1,000. Baadhi ya ziara zikakosekana, na Schuler, aliyekuwa amemteua wakala huyo, akasitisha. Mahakama ilikataa kukubali kwamba wahusika walikusudia ziara moja tu iliyokosekana iweze kuua mkataba mzima, hasa kwa kuwa mkataba huohuo ulikuwa na kifungu kingine kilichotoa siku 60 za kurekebisha ukiukwaji mkubwa baada ya kudaiwa kwa maandishi. Aliyesitisha hakuwa ametumia kifungu hicho, na hivyo akashindwa.

Mafunzo ya kesi hiyo kwa anayeandaa notisi leo ni ya moja kwa moja. Palipo na kifungu cha muda wa kurekebisha, kitumie kwanza, hata kama unaamini kwamba kosa ni zito kiasi cha kukupa njia ya mkato.

Itakuwaje ikiwa jambo lililokosekana limeshapita na haliwezi kurudishwa?

Wengi husoma neno "kurekebisha" kana kwamba maana yake ni kufuta yaliyotokea, kisha wanahitimisha kwamba ukaguzi ambao haukufanyika mwezi uliopita haurekebishiki, na kwa hiyo hawana haja ya kutoa muda. Hoja hiyo ni ya hatari. Katika kesi iliyotajwa hapo juu ilielezwa kwamba kurekebisha kunaweza kumaanisha kuweka mambo sawa kwa siku zijazo, na mwelekeo wa maamuzi mengi ya baadaye umekuwa kulitazama suala hilo kivitendo: je, hali inaweza kurudishwa katika mstari kiasi kwamba aliyekosewa apate kile alichokubaliana kupata kuanzia sasa?

Malipo yaliyochelewa hurekebishwa kwa kulipwa. Ripoti isiyoletwa hurekebishwa kwa kuletwa. Siri ya biashara iliyokwisha kutolewa kwa mshindani ni mfano wa jambo ambalo kwa kawaida halirudi. Kati ya mifano hiyo kuna eneo pana lenye utata, na ushauri wangu katika eneo hilo ni kutoa muda. Kutoa siku 30 ambazo hukulazimika kuzitoa kutakuchelewesha kwa siku hizo tu, ilhali kusitisha bila kutoa siku ulizolazimika kuzitoa kunaweza kukufanya wewe uwe mvunjaji wa mkataba. Angalia tu kwamba barua yako isikiri kuwa ukiukwaji unarekebishika ikiwa unataka kulihifadhi suala hilo. Andika kwamba unatoa muda huo "bila kuathiri msimamo wetu kuhusu iwapo ukiukwaji huu unaweza kurekebishwa".

Notisi ya kutaka marekebisho iandikwe nini ndani yake?

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo tutafuata mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho.

Kampuni inayohifadhi vyakula katika vyumba vya baridi, ambayo tutaiita Mteja, ina mkataba na Mkandarasi wa kutunza mitambo ya ubaridi. Kifungu cha 6.1 kinamtaka Mkandarasi afanye matengenezo kila mwezi na kukabidhi ripoti ya maandishi ndani ya siku 5 za kazi. Kifungu cha 6.4 kinamtaka ahakiki usahihi wa vipima joto kila baada ya miezi 3. Kifungu cha 14.2 kinasema kwamba upande wowote unaweza kusitisha mkataba kwa notisi ya maandishi, mara moja au tarehe ya baadaye itakayotajwa, endapo upande wa pili umefanya ukiukwaji mkubwa na, pale unaporekebishika, hakuurekebisha ndani ya siku 30 tangu kupokea notisi ya maandishi inayoeleza ukiukwaji huo na kutaka urekebishwe. Mkandarasi hakufika Desemba, Januari wala Februari, na uhakiki wa vipima joto uliotakiwa Desemba haukufanyika.

Rasimu ya kwanza ya meneja wa Mteja ilisema hivi: "Kwa muda mrefu mmeshindwa kutoa huduma kwa viwango tulivyokubaliana. Rekebisheni hali hii mara moja, la sivyo tutachukua hatua za kisheria." Barua hiyo inaeleweka kama malalamiko, lakini kama notisi haina kitu. Haitaji kifungu kilichokiukwa wala kile kinachotumika kudai marekebisho. Haisemi ni huduma ipi iliyokosekana wala lini. Neno "mara moja" linapingana na siku 30 za mkataba. Zaidi ya yote, Mkandarasi mwaminifu anayetaka kujirekebisha hawezi kujua afanye nini ili barua hiyo iwe imejibiwa.

Barua iliyofaa iliandikwa namna hii:

> Hii ni notisi chini ya kifungu cha 14.2 cha Mkataba wa Matengenezo uliotiwa saini na pande zote mbili ("Mkataba").
>
> Mmekiuka Mkataba kama ifuatavyo. (a) Kinyume cha kifungu cha 6.1, hamkufanya matengenezo wala kukabidhi ripoti kwa miezi ya Desemba, Januari na Februari. (b) Kinyume cha kifungu cha 6.4, hamkuhakiki usahihi wa vipima joto vya vyumba namba 1 hadi 4, uhakiki uliotakiwa kufanyika Desemba.
>
> Kila moja ya kasoro hizo, peke yake na kwa pamoja na nyingine, ni ukiukwaji mkubwa, kwa sababu bila matengenezo na vipimo vilivyohakikiwa hatuwezi kuthibitisha kwamba bidhaa zinahifadhiwa katika kiwango salama cha ubaridi.
>
> Tunawataka, ndani ya siku 30 tangu kupokea notisi hii, (i) kufanya matengenezo kamili ya mitambo yote yanayojumuisha kila kipengele kilichorukwa katika miezi hiyo mitatu na kukabidhi ripoti yake. Na (ii) kuhakiki vipima joto vyote vya vyumba namba 1 hadi 4 na kukabidhi vyeti vya uhakiki.
>
> Msiporekebisha ukiukwaji huu ndani ya muda huo, tutakuwa na haki ya kusitisha Mkataba chini ya kifungu cha 14.2. Notisi hii haiondoi wala kupunguza haki nyingine yoyote tuliyo nayo.

Angalia maneno "peke yake na kwa pamoja". Yamewekwa ili Mkandarasi akirekebisha kasoro moja na kuiacha nyingine, isije ikadaiwa kwamba kilichobaki hakikuwahi kutajwa kuwa ukiukwaji mkubwa chenyewe. Angalia pia kwamba madai ya marekebisho yanalingana na ukiukwaji, herufi kwa namba. Barua haimtaki Mkandarasi aombe radhi, apunguze bei au abadilishe fundi, kwa sababu hayo hayamo katika wajibu wake, na kudai zaidi ya kile mkataba unachotoa humpa mpokeaji hoja kwamba hakuambiwa kwa uaminifu kipi kingetosha.

Haikutajwa pia tarehe ya mwisho. Kifungu kinahesabu siku tangu kupokelewa, na siku ya kuandika barua mwandishi hajui itapokelewa lini. Akiandika tarehe iliyo mapema kwa siku moja, amempa mpokeaji muda pungufu kwa maandishi yake mwenyewe. Ukiona ni lazima utaje tarehe, hesabu kwa ukarimu.

Siku zinahesabiwaje?

Zinahesabiwa kwa kufuata kifungu cha notisi, ambacho kwa kawaida kimejificha karibu na mwisho wa mkataba na husomwa kwa haraka. Katika mfano wetu kifungu cha 19 kinataka notisi ipelekwe kwa mkono au kwa huduma ya usafirishaji wa vifurushi, kwenye anwani iliyotajwa, kwa jina la mkurugenzi. Barua pepe imekatazwa kuwa njia ya kuwasilisha notisi. Notisi inayofika baada ya saa 11 jioni au siku isiyo ya kazi huhesabiwa kuwa imepokelewa siku ya kazi inayofuata.

Mteja alituma barua Alhamisi tarehe 6 Machi. Ilifika Ijumaa tarehe 7 Machi, saa 11 na dakika 40 jioni. Kwa kuwa saa 11 ilikuwa imepita, kisheria ilipokelewa Jumatatu tarehe 10 Machi. Kanuni ya kawaida ni kutoihesabu siku ya kupokea yenyewe, hivyo siku ya kwanza ni tarehe 11 Machi. Machi inatoa siku 21, na siku 9 zilizobaki zinaangukia Aprili. Muda unakwisha mwisho wa siku ya Jumatano tarehe 9 Aprili, na siku ya kwanza ambayo Mteja anaweza kusitisha ni Alhamisi tarehe 10.

Sasa linganisha na hesabu iliyokuwa imeandikwa kwenye kalenda ya ofisi ya Mteja. Mtu alihesabu siku 30 kuanzia tarehe ya kutuma, akapata Jumamosi tarehe 5 Aprili, na akapanga kutuma barua ya kusitisha Jumatatu tarehe 7. Barua hiyo ingetoka siku tatu kabla ya haki yenyewe kuzaliwa. Tofauti yote hiyo ilitokana na dakika 40 za Ijumaa jioni na mwisho wa juma uliofuata.

Pale mkataba unaposema "siku za kazi", ondoa mwisho wa juma na sikukuu za mahali ambapo mkataba umetaja, si lazima ziwe za mahali ulipo wewe. Pale usiposema chochote, siku ni siku zote. Na daima hifadhi uthibitisho unaoonyesha saa ya kufika na jina la aliyetia saini, kwa sababu hesabu nzuri isiyo na ushahidi wa siku ya kuanzia haisaidii.

Mkataba wetu hausemi muda wa kurekebisha ni siku ngapi. Nitoe ngapi?

Muda wa busara, unaopimwa kwa jambo lenyewe: deni la fedha linaweza kulipwa ndani ya siku chache, na kipuri kinachotoka mbali hakiwezi kuletwa kwa siku hizo. Kwa mauzo ya bidhaa yanayovuka mipaka, Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa Vienna mwaka 1980 unamruhusu mnunuzi, katika kifungu cha 47, kumwongezea muuzaji muda wa ziada wenye urefu wa busara ili atimize wajibu wake. Iwapo muuzaji hajakabidhi bidhaa hadi muda huo uishe, kifungu cha 49 kinampa mnunuzi haki ya kutangaza kwamba mkataba umevunjika, bila kulazimika kuthibitisha kwamba ucheleweshaji wenyewe ulikuwa ukiukwaji wa msingi. Njia hiyo ni ya bidhaa ambazo hazijakabidhiwa. Haiwahusu wanaolalamikia ubora wa bidhaa zilizokwisha kufika. Wazo linalofanana nalo limo katika kifungu cha 7.1.5 cha Kanuni za mikataba ya biashara ya kimataifa za UNIDROIT, taasisi ya kimataifa inayooanisha sheria binafsi za nchi.

Wakati muda unaendelea, ninaruhusiwa kufanya nini?

Endelea kutimiza wajibu wako. Lipa ankara zisizo na mgogoro, fungua milango ya jengo kwa mafundi wanaokuja kurekebisha, jibu maswali yao. Anayezuia marekebisho yasifanyike hawezi baadaye kulalamika kwamba hayakufanyika. Kifungu cha 47 kilichotajwa juu kinakwenda mbali zaidi: ndani ya muda wa ziada mnunuzi hawezi kutumia nafuu nyingine yoyote ya ukiukwaji, isipokuwa muuzaji amemjulisha kwamba hatatimiza, ingawa haki yake ya kudai fidia ya ucheleweshaji inabaki.

Unaweza kutafuta mkandarasi mwingine na kupokea makadirio yake. Usitie saini mkataba mpya unaoanza kabla ya wa sasa kwisha, na usiwaambie watumishi wako kwamba uamuzi umeshapita. Ujumbe mfupi wa ndani unaosema "hata wakirekebisha tunawaondoa" utaonekana siku ya ushahidi, na utaifanya notisi yote ionekane kuwa kisingizio.

Hatari ya upande wa pili ni kuonekana umeiachilia haki. Mazungumzo ya kirafiki wakati wa siku 30 ni mazuri, na mara nyingi huokoa mkataba, ila kila barua ya mazungumzo iseme kwamba notisi ya tarehe fulani inabaki na nguvu na muda wake haujaongezwa. Ukikubali kuongeza muda, ongeza kwa maandishi yenye tarehe kamili. Maneno kama "tutawavumilia kidogo" hayana mwisho, na mtu akiyategemea, hutaweza kuyakata ghafla bila onyo jipya.

Amerekebisha nusu. Je, inatosha kuniruhusu nisitishe?

Soma tena notisi yako, kipengele kwa kipengele, na ujiulize kilichobaki kina uzito gani kikiwa peke yake. Mkandarasi wa mfano wetu alifika tarehe 28 Machi, akafanya matengenezo kamili, na tarehe 2 Aprili akaleta ripoti. Vipima joto hakuvihakiki, akieleza kwamba kifaa chake cha kuhakikia kilikuwa kimepelekwa kwenye maabara na kingerudi katikati ya Aprili.

Kasoro (a) imerekebishwa. Mteja hawezi kuitumia tena kama sababu ya kusitisha, hata kama amekasirishwa na miezi mitatu ya ukimya, ingawa anaweza kudai hasara iliyosababishwa nayo. Kasoro (b) imebaki. Je, ni kubwa yenyewe? Katika biashara ya kuhifadhi vyakula, kipima joto kisichohakikiwa kinafanya kumbukumbu zote za ubaridi zitiliwe shaka, na barua ilikuwa imeeleza hivyo tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo hoja ya Mteja ilikuwa imara. Kama kilichobaki kingekuwa ukurasa mmoja wa ripoti usiotiwa saini, jibu lingekuwa tofauti kabisa, na kusitisha kwa sababu hiyo kungekuwa ni kujitafutia kesi.

Maelezo ya Mkandarasi kuhusu maabara hayabadilishi hesabu ya siku. Wajibu ulikuwa wake, na angeweza kuazima kifaa au kumtumia mhakiki mwingine. Lakini Mteja alifanya jambo la busara: tarehe 3 Aprili alijibu kwa maandishi kwamba amepokea ripoti, kwamba kasoro (b) bado haijarekebishwa, na kwamba muda haujaongezwa. Kukaa kimya hapo kungeweza kusomwa kama kuridhia katikati ya Aprili.

Notisi ya kusitisha iseme nini?

Iwe fupi. Itaje mkataba, notisi ya kwanza na siku iliyopokelewa, iseme muda umekwisha, ieleze ukiukwaji upi haukurekebishwa, na itamke waziwazi kwamba mkataba unasitishwa chini ya kifungu fulani kuanzia lini. Mteja alithibitisha asubuhi ya tarehe 10 Aprili kwamba hakuna cheti kilichofika, na barua ikakabidhiwa siku hiyohiyo saa 4 na robo asubuhi, kwa njia ileile ya kifungu cha 19. Aliitaja tarehe 30 Aprili kuwa ya mwisho, ili apate nafasi ya kukabidhiwa funguo, nywila za mfumo wa ufuatiliaji na kumbukumbu za mitambo. Kifungu chake kiliruhusu tarehe ya baadaye; chako kisiporuhusu, usijitungie.

Usiandike "tunafikiria kusitisha" wala "tunaomba tusitishe". Usicheleweshe pia. Haki iliyozaliwa tarehe 10 Aprili haifi tarehe 11, lakini anayeendelea kuagiza huduma na kupokea kazi mpya kwa miezi miwili baada ya hapo atapata shida kueleza kwamba hakuwa ameamua kuendelea na mkataba.

Nikikosea katika notisi, kosa hilo linaua haki yangu?

Inategemea aina ya kosa. Katika kesi ya Mannai dhidi ya Eagle Star, mwaka 1997, mpangaji aliyekuwa na haki ya kukatisha upangaji wa jengo la biashara alitaja tarehe 12 Januari badala ya 13. Baraza la Malodi, kwa kura tatu dhidi ya mbili, liliikubali notisi hiyo, kwa sababu mpokeaji mwenye busara anayejua masharti ya mkataba asingeweza kuelewa vibaya nia yake. Hata hivyo katika hukumu hiyohiyo ulitolewa mfano ulio maarufu hadi leo: mkataba ukisema notisi iwe kwenye karatasi ya buluu, haifai kuipeleka kwenye karatasi ya waridi, hata kama nia yako iko wazi kiasi gani.

Kwa hiyo kosa la kalamu katika maelezo linaweza kusamehewa, lakini kukosa sharti lenyewe, kama vile njia ya kupeleka, anwani au urefu wa muda, kwa kawaida hakusamehewi. Ukigundua kosa kabla ya kusitisha, dawa yake ni kutoa notisi mpya iliyo sahihi, ukisema inatolewa bila kukiri kwamba ya kwanza ilikuwa na kasoro, na kuanza kuhesabu upya. Hakuna aibu katika hilo.

Ukigundua baada ya kusitisha, hali ni ngumu zaidi. Kusitisha bila haki kunaweza kuchukuliwa kuwa kuukana mkataba, na upande wa pili anaweza kuukubali ukanaji huo na kukudai wewe fidia ya faida aliyoikosa kwa muda uliobaki. Muone wakili kabla ya kuandika neno jingine lolote.

Mimi ndiye niliyepokea notisi. Nifanye nini kwanza?

Andika siku na saa uliyoipokea, na uhifadhi bahasha. Kisha hesabu siku wewe mwenyewe bila kutegemea hesabu ya aliyekuandikia, na uchukue ile iliyo fupi zaidi kuwa ndiyo ya kufanyia kazi.

Unaweza kupinga kwamba ulikosea na wakati huohuo ukarekebisha. Mambo hayo hayapingani, ilimradi uandike kwamba unarekebisha bila kukiri ukiukwaji. Wapokeaji wengi hutumia wiki tatu za mwanzo kubishana kwa barua kuhusu nani alikosa, wakabaki na wiki moja ya kufanya kazi ambayo ingehitaji mbili. Kama madai hayaeleweki, uliza kwa maandishi ndani ya siku mbili au tatu za kwanza ni nini hasa kinachotakiwa. Jibu litakusaidia, na kutojibiwa pia kutakusaidia. Ukimaliza kurekebisha, peleka taarifa yenye ushahidi, yaani vyeti, picha zenye tarehe na stakabadhi, kwa njia ileile ya kifungu cha notisi, kabla muda haujaisha. Ukiona huwezi kumaliza kwa wakati, omba nyongeza yenye tarehe mahususi na uonyeshe kilichokwisha kufanyika. Mkandarasi wa mfano wetu angeomba hadi tarehe 16 Aprili mapema, huku akiambatanisha stakabadhi ya maabara, huenda angeipata.

Baada ya mkataba kusitishwa, nini kinabaki?

Madeni yaliyokwisha kuiva kabla ya siku ya kusitishwa yanabaki kudaiwa na pande zote mbili, na vifungu vya usiri, usuluhishi wa migogoro na urejeshaji wa mali kwa kawaida vimeandikwa viendelee. Mteja alipaswa kulipia matengenezo ya tarehe 28 Machi, kwa kuwa kazi ilifanyika na aliipokea. Gharama ya ziada ya mkandarasi mpya kwa muda uliobaki ni suala la kuangaliwa kwa uangalifu: katika baadhi ya nchi, anayesitisha kwa kutumia kifungu cha mkataba peke yake hupata fidia finyu kuliko anayesitisha kwa haki ya jumla ya kisheria. Ndiyo sababu ya ile sentensi ya kuhifadhi haki nyingine katika notisi ya kutaka marekebisho, ambayo inafaa kurudiwa katika notisi ya kusitisha, na ndiyo sababu ya kuamua, kabla barua ya pili haijatoka, ni haki ipi hasa unayoitumia.